Ubao wa picha za marehemu: safu tano na nafasi zinazolingana

Katika misiba mingi ya Kikristo ya Tanzania na Kenya, picha inayoonekana kwanza ni ile moja kubwa iliyotiwa fremu. Husimama kando ya jeneza wakati wa ibada, kisha hubebwa mbele yake pamoja na msalaba kuelekea kaburini. Ubao wa picha una kazi nyingine. Huwekwa karibu na meza ya kitabu cha maombolezo au pembeni mwa turubai, na mtu anayesubiri zamu yake ya kuaga mwili hupata dakika chache za kumwona marehemu akiwa mtoto, kisha bibi harusi, kisha mwalimu darasani, kisha bibi mwenye wajukuu magotini. Wengi wanaosimama hapo walimfahamu kwa kipande kimoja tu cha maisha yake. Majirani wa Tabata hawakuwahi kumwona akiwa chuoni, na wale aliosoma nao hawajui kwamba alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi.

Kwa Waislamu, ambao huzika mapema iwezekanavyo na ambao wengi wao hawaweki picha za marehemu msibani, jambo hili kwa kawaida halina nafasi. Ninayoyaeleza yanahusu familia zenye siku mbili, tatu au zaidi kati ya kifo na maziko, na ambazo tayari zimeamua kuwa na ubao.

Mbao nyingi nilizoziona zilikuwa na kasoro moja inayofanana, nayo ilianza kabla mtu hajashika gundi. Wajukuu wanaombwa wakusanye picha, wanafungua simu, na kwa saa moja wanapata picha 800 za miaka 10 ya mwisho. Za miaka 60 iliyotangulia zimo kwenye bahasha moja kabatini, au kwa shangazi aliye kijijini. Ubao unajazwa kwa kinachopatikana upesi, na matokeo yake ni mtu aliyeishi miaka 74 kuonekana kana kwamba alizaliwa mzee, akaenda harusi za watu, akaugua. Ndiyo maana nashauri ubao ugawanywe kwanza na picha zitafutwe baadaye. Kila hatua ya maisha ipewe eneo lenye ukubwa uleule, iwe ina picha moja au mia tatu.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Marehemu ni mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyezaliwa 14 Agosti 1949 na kufariki 2 Mei 2024. Alisomea ualimu, akaolewa 1973, akazaa watoto watano, akastaafu 2009 alipofikisha miaka 60. Maisha haya yanagawanyika vizuri katika hatua tano: utoto na shule, ujana na chuo, ndoa na malezi, kazi na kanisa, uzee na wajukuu. Kwa mtu mwingine hatua zitakuwa nne tu, na ambaye hakuoa wala kuolewa haihitaji kulazimishiwa safu ya ndoa. Zaidi ya sita nisingeshauri, kwa sababu safu zinakuwa nyembamba na picha zinakuwa ndogo mno kwa macho ya wazee, ambao ndio wasomaji wakuu wa ubao huu.

Sasa ubao wenyewe. Karatasi moja ya plaiwudi dukani ina futi 4 kwa futi 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Fundi seremala akiikata mara tatu kwa urefu wake, kila kipande kinabaki na takribani sentimita 122 kwa 81. Kipande kimoja kilicholazwa, upana ukiwa 122 na kimo 81, kinatosha kabisa, nacho kinaingia ndani ya gari la kawaida ukilaza viti vya nyuma. Kifunike kwa karatasi au kitambaa cha rangi moja iliyotulia, kama maziwa au kijivu chepesi. Kitenge chenye maua ni kizuri mezani, lakini nyuma ya picha kinashindana na nyuso.

Hesabu ya upana ni hii. Acha sentimita 5 kila upande kama ukingo, zinabaki 112. Picha tutakazotumia ni za sentimita 13 kwa 18, zilizolazwa, kwa hiyo kila safu ina upana wa 18. Safu tano ni 90. Zinabaki 22, na kati ya safu tano kuna nafasi nne, kwa hiyo kila nafasi ni sentimita 5.5. Kwa kimo, anza juu: ukingo 5, sehemu ya jina na tarehe 14, nafasi 4, kichwa cha safu 3, nafasi 2. Hapo umetumia 28. Kila safu ina sehemu tatu za picha zenye kimo cha 13, na chini ya kila picha kuna ukanda wa sentimita 3 wa maelezo. Hiyo ni 48. Ukingo wa chini ni 5, na jumla ni 81 kamili.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea wakiambiwa waache nafasi sawa. Hudhani maana yake ni kipimo kimoja kwa ubao mzima, wakaweka sentimita 3 kila mahali, juu, chini na pembeni. Picha zinakuwa zimepangika kweli, lakini jicho halijui mahali hatua moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Msomaji anapita kwa mlalo, kutoka utotoni kwenda chuoni kwenda harusini, kisha anarudi utotoni kwenye mstari wa pili. Ubao wa hatua za maisha unahitaji vipimo viwili. Kuna kidogo cha kutenganisha picha za hatua moja, hapa sentimita 3, na kikubwa cha kutenganisha hatua na hatua, hapa 5.5. Kikubwa kikikaribia kuwa mara mbili ya kidogo, mtu anasoma safu kuelekea chini bila kuelekezwa. Usawa unaotakiwa ni kwamba kila kipimo kirudiwe bila kubadilika: 3 zote ziwe 3, na 5.5 zote ziwe 5.5.

Ukiwa na gridi hii mkononi ndipo unakwenda kutafuta picha, na sasa unajua unachokitafuta. Unahitaji picha 15 tu, pengine pungufu. Kwa utoto wa mtu aliyezaliwa 1949, ulizia kwa ndugu zake walio hai, kwa wasimamizi wa ubatizo na kipaimara au watoto wao, na kwa aliyesoma naye. Picha nyingi za wakati ule zilipigwa studio au siku ya tukio kubwa, na mara nyingi nakala moja ilibaki kwa kila aliyepigwa. Angalia pia picha ndogo zilizobandikwa kwenye vyeti, vitambulisho vya kazi na kadi za zamani za chama. Geuza kila picha uangalie nyuma, kwa kuwa muhuri wa studio, jina la mji au mwaka ulioandikwa kwa mkono ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu ya yeyote.

Picha isiyo na mwaka huweza kupangwa kwa watoto waliomo. Ikiwa mama yetu amembeba mtoto asiyeweza kukaa, na shangazi anathibitisha kwamba ni kifungua mimba aliyezaliwa 1974, picha hiyo haiwezi kuwa ya 1980 hata kama kila mtu anaamini hivyo. Mwaka usipothibitika, andika "miaka ya 1960" uendelee. Picha ipangwe kwa wakati ilipopigwa, hata kama mada yake inafanana na hatua nyingine. Picha ya mama akifundisha mwaka 1971 inakaa kwenye ujana ingawa ni ya kazi, na ile ya 1998 akiwa na mumewe inakaa safu ya nne. Ukianza kuchanganya mada na miaka, mtu ataona nywele nyeusi baada ya mvi na asielewe.

Je, kama utoto hauna picha kabisa? Kwa kizazi hicho ni jambo la kawaida, hasa vijijini. Usijaze kwa picha ya binti yake anayefanana naye. Niliwahi kuona hilo likifanyika, na mzee mmoja alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu akijaribu kukumbuka. Weka picha ya wazazi wake, ya kanisa alikobatizwa, au ya shule aliyoanzia, na maelezo yaseme wazi ni nini. Katika mfano wetu tuna picha moja tu ya utoto, ya kipaimara mwaka 1962, imesimama, sentimita 6 kwa 9, na nyingine ya wazazi wake. Ya wazazi inakaa juu kwenye sehemu ya kwanza. Ya kipaimara tunaikuza ishike sehemu ya pili na ya tatu kwa pamoja, pamoja na ukanda ulio kati yao: 13, na 3, na 13, jumla 29. Inakuwa sentimita 18 kwa 29, na karatasi ya A4 yenye 21 kwa 29.7 inatosha kuitoa. Safu ina picha mbili tu lakini imejaa sawasawa na nyingine, mistari yake ya juu na ya chini inalingana na ya jirani, na yule msichana wa miaka 12 au 13 ndiye uso mkubwa kuliko wote upande wa kushoto. Uhaba umegeuka kuwa nguvu ya ubao.

Njia hiyohiyo inatatua tatizo la picha zilizosimama. Picha yoyote iliyosimama ichukue sehemu mbili. Iliyolala ichukue moja. Picha ya harusi ya 1973 imesimama, kwa hiyo safu ya tatu ina harusi kwa sehemu mbili na picha moja ya familia chini. Safu ya pili, ya nne na ya tano zina picha tatu tatu zilizolala. Jumla ni picha 13.

Kukuza picha ndogo kunahitaji kuskaniwa vizuri, na hapa ndipo stesheneri nyingi huharibu bila kukusudia. Mashine ya skana mara nyingi huwa imewekwa kwenye nukta 300 kwa inchi, kipimo kinachofaa kwa barua. Picha yetu ya kipaimara yenye upana wa sentimita 6 ikiskaniwa hivyo inatoa pikseli kama 700 tu kwa upana. Ukizitandaza kwenye sentimita 18, uso unakuwa ukungu. Omba iskaniwe kwa nukta 1,200 kwa inchi. Utapata pikseli karibu 2,800 kwa upana, na hizo zinatosha. Kupiga picha ya picha kwa simu kuwe njia ya mwisho. Ukilazimika, toa picha kwenye albamu yenye plastiki, iweke karibu na dirisha pasipo jua la moja kwa moja, na ushike simu sambamba nayo ili pembe zisipinde.

Kwa picha za simu, ukweli ni mwepesi kuliko watu wanavyohofia. Picha iliyopita WhatsApp kwa ubora wa kawaida hubaki na takribani pikseli 1,600 upande mrefu. Kwenye sentimita 18 hiyo ni zaidi ya pikseli 200 kwa kila inchi, na kwa mtu aliyesimama hatua moja mbele ya ubao itaonekana safi. Taabu inakuja mtu anapokata uso mmoja kutoka picha ya kundi. Ukichukua robo ya upana, zimebaki pikseli 400, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Kama ile picha ya kundi ndiyo pekee, mwombe mwenye simu iliyopiga aitume kama faili, si kama picha, ndipo uikate.

Sababu ya kuchagua 13 kwa 18 badala ya ile ya kawaida ya 10 kwa 15 si ukubwa peke yake. Picha za simu nyingi zina uwiano wa 4 kwa 3. Ukisafisha picha kama hiyo kwa 10 kwa 15, mashine inalazimika kukata zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kimo chake, na mara nyingi kinachoondoka ni kilemba cha mama au miguu ya watoto waliokaa mbele. Kwa 13 kwa 18 upotevu ni kama nusu sentimita tu. Hata hivyo, kaa na fundi mbele ya kompyuta yake uone kila picha inavyokatwa kabla haijatoka. Omba zote ziwe bila ukingo mweupe, au zote ziwe nao. Zikichanganyika, nafasi ulizozipima kwa rula zitaonekana hazilingani hata kama zinalingana. Omba pia karatasi isiyong'aa. Chini ya turubai lenye pande wazi, picha inayong'aa inaakisi anga, na mtazamaji anaona mwanga badala ya uso.

Kuchagua picha 3 kati ya 800 ni kazi ya watu, na ndiyo ngumu kuliko hesabu zote. Ndugu hawatazami ubao kama mapambo. Wanatazama nani yumo. Mtoto aliyemuuguza mama miaka minne asipoonekana popote, na kaka yake aliyekuja kutoka ng'ambo akaonekana mara nne, maneno yataanza palepale kwenye turubai. Kwa hiyo fanya hesabu ya pili kwenye karatasi: andika majina ya watoto wote watano na uweke alama kila mmoja anapoonekana. Picha moja ya familia nzima katika safu ya tatu inawapa wote alama ya kwanza. Baada ya hapo angalia tu kwamba hakuna aliyebaki na moja wakati mwenzake ana tano. Familia ya nyumba mbili inahitaji mazungumzo haya mapema zaidi, tena mbele ya mzee wa ukoo, si saa nne usiku kabla ya maziko.

Kamati ndogo ya watu watatu inatosha kuchagua: mtoto mmoja wa marehemu, ndugu mmoja wa rika lake anayekumbuka utoto, na mjukuu mmoja wa kushughulikia simu na mafaili. Wakizidi hapo hakuna kitakachoamuliwa. Wajiwekee masharti mawili. Marehemu aonekane wazi katika kila picha, isipokuwa ile ya wazazi. Na picha za kitandani hospitalini zisiwepo, hata zile ambazo anatabasamu. Wapo watakaosema kwamba ugonjwa nao ni sehemu ya maisha yake, nami nawaelewa, lakini kwenye sehemu tatu za safu ya mwisho kuna miaka 14 ya kustaafu, bustani, kwaya na wajukuu. Siwezi kukubali miezi ya mwisho ichukue theluthi ya miaka hiyo.

Sehemu ya juu, ile ya sentimita 14, inabeba mistari mitatu. Wa kwanza ni mdogo, "Kwa kumbukumbu ya", herufi za sentimita 1.5. Wa pili ni jina, herufi za sentimita 5. Wa tatu ni tarehe, sentimita 2.5. Kati yao acha sentimita 2. Herufi ya sentimita 5 inasomeka bila taabu na aliyeketi mita tano au zaidi kutoka ubaoni, na jina lenye herufi 24 litachukua kama sentimita 85 kati ya zile 112 tulizonazo. Jina refu zaidi lipunguzwe ukubwa wa herufi, lisivunjwe mistari miwili. Mwombe mwenye stesheneri alichape kwenye stika moja ndefu. Herufi zilizokatwa moja moja na kubandikwa kwa mkono hupinda.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na kama mtaa mzima ulimwita kwa jina la kifungua mimba chake, jina hilo la Mama Fulani lifuate baada yake. Kuna waombolezaji watakaosimama mbele ya jina rasmi wasijue ni nani.

Tarehe ziandikwe kwa maneno: 14 Agosti 1949 – 2 Mei 2024. Tarakimu tupu zina hatari. Ndugu aliyeishi Marekani miaka 20 huanza kuandika mwezi ndipo siku, na 2/5/2024 kwake ni Februari. Kama ndiye anayeandaa maandishi, kosa litatoka kwenye ubao lifike kwenye msalaba. Ukitaka kuongeza umri, usitoe mwaka kwa mwaka. 2024 kutoa 1949 ni 75, lakini mama yetu alifariki Mei na siku yake ya kuzaliwa ni Agosti, kwa hiyo alikuwa na miaka 74. Wazee wengi tarehe zao za kuzaliwa zilikadiriwa tu wakati wa kuandikishwa. Kama familia inajua kwamba siku na mwezi ni za kukadiria, mwaka peke yake ni wa kweli zaidi: 1949 – 2024. Na mtu mmoja, aliye na kitambulisho mkononi, ndiye asome tarehe za ubao, za wasifu utakaosomwa kanisani na za msalaba, zote tatu kwa mkao mmoja. Zikitofautiana, kila mtu ataona, na haitakuwa rahisi kurekebisha tena.

Maelezo chini ya picha yawe mstari mmoja wa herufi za milimita 6: mahali au tukio, kisha mwaka. "Kipaimara, 1962." "Na wanafunzi wake, 1985." Yabandikwe nusu sentimita tu chini ya picha yake, si katikati ya ule ukanda wa sentimita 3. Yakikaa katikati, hayajulikani ni ya picha ya juu au ya chini.

Kubandika kunaanzia sakafuni. Laza ubao juu ya mkeka, panga picha zote bila gundi, kisha simama wima uzitazame kutoka juu. Ndipo uchore mistari myepesi ya penseli. Pima kila safu kutoka ukingo uleule wa kushoto: safu zinaanza kwenye sentimita 5, 28.5, 52, 75.5 na 99. Usipime kutoka picha moja kwenda nyingine. Picha inayoitwa ya 18 kwa kweli ina sentimita 17.8, kwa kuwa asili yake ni inchi 7, na rula ya mkono inayumba milimita moja au mbili. Ukiunganisha makosa hayo kutoka safu hadi safu, safu ya tano inaweza kuhama karibu sentimita nzima, nawe utaanza kuisukuma kwa jicho na kuharibu nafasi zote nne. Kukagua mwishoni, kata vipande viwili vya kadibodi, kimoja chenye upana wa 3 na kingine cha 5.5, uvipitishe katika kila nafasi. Kipande kinapokwama au kulegea sana, hapo ndipo pa kurekebisha. Anza kubandika safu ya katikati, ile ya ndoa, uende nje pande zote mbili. Kosa dogo likibaki litaangukia kwenye kingo, ambako jicho halilioni upesi kama katikati ya picha.

Tumia solotepu ya pande mbili kwenye pembe nne za kila picha na moja katikati. Gundi ya maji huikunja karatasi ikikauka. Picha halisi za zamani zisibandikwe kabisa; zinaskaniwa na kurudi kwenye bahasha zenye jina la mwenye nazo siku ileile, kwa sababu ile ya kipaimara ndiyo pekee iliyobaki duniani.

Wapo wanaopenda kuchapa yote kwa pamoja kwenye fleksi moja. Vipimo ni vilevile na nafasi zinatoka sawa bila rula, ila kosa la herufi moja kwenye jina linamaanisha kuchapa upya kila kitu, nayo fleksi ikikunjwa kwenye buti la gari huonyesha mikunjo yake siku nzima. Kama muda ni mfupi na fundi ni mwaminifu, inafaa. Mkiwa na usiku mmoja wa ziada, ubao wa kubandika unawaruhusu kubadilisha picha moja mzee anaposema asubuhi, "Huyu si yeye, ni dada yake."

Mahali pa kuusimamisha, chini ya ubao pawe kama sentimita 107 kutoka ardhini, ili katikati pafike karibu 148. Mtu mzima anasoma jina bila kuinua kidevu, na mwenye umri mkubwa hainami kuona safu ya mwisho. Ufunge kwenye stendi kwa kamba, maana upepo chini ya turubai huuinua kama tanga. Jua lisiupige, na usiku uingizwe ndani. Picha zilizochapwa kwa wino wa maji kwenye stesheneri zinachuruzika kwa umande wa usiku mmoja, tofauti na zilizosafishwa kwenye maabara ya picha.

Baada ya kuanua matanga, picha zibanduliwe kwa mpangilio, safu kwa safu, na kabla hazijaingia kwenye albamu kila moja iandikwe nyuma kwa penseli laini: nani yumo, wapi, mwaka gani, na nani aliyesema hivyo. Kalamu ya wino hukandamiza karatasi na alama zake hutokea upande wa mbele. Mafaili yaliyoskaniwa yatumwe kwa kila mtoto, yakiwa na mwaka mwanzoni mwa jina la faili, mfano `1962-kipaimara.jpg`, ili yakipangwa kwa jina la faili yafuatane kwa miaka.